Skrini moja, pedi mbili: kutafuta kinachoangusha fremu

Ukicheza peke yako, Rocket League, gemu ya magari yanayocheza mpira, inateleza kwenye laptopu bila shida. Mwenzako anachomeka pedi ya pili, anabonyeza Start, skrini inagawanyika, na kabla ya dakika ya kwanza kuisha gari zinaanza kurukaruka. Wengi hapo hukimbilia kupunguza resolusheni. Wanatoka 1920×1080, wanashuka 1280×720, picha inakuwa na ukungu, na kurukaruka kunabaki pale pale. Dawa si mbaya, ila imepewa mgonjwa wa maradhi mengine.

Tuanze na hesabu ya pikseli. Skrini ya 1920×1080 ina pikseli 2,073,600. Ukiigawa katikati, kila mchezaji anapata 1,036,800, na jumla ni ile ile. Kwa hiyo kadi ya picha haijaongezewa ukuta wa kupaka rangi. Kilichoongezeka ni maandalizi. Sasa kuna kamera mbili, na prosesa inapaswa kuupitia uwanja mara mbili: nini kinaonekana kutoka kamera ya kwanza, nini kutoka ya pili, kisha kutoa amri za kuchora kila kimoja, gari, nyasi, jukwaa, moshi, kwa kila kamera. Chukua sinia moja ya wali uigawe sahani mbili: wali haujaongezeka, lakini kuteka mchuzi, kupanga na safari za kutoka jikoni vimekuwa mara mbili. Kupunguza resolusheni ni kupunguza wali. Mara nyingi anayeelemewa ni anayekimbia kati ya jikoni na meza.

Mambo haya yanahusu gemu zinazogawa skrini kweli. FIFA, ambayo watu wengi wameizoea kwenye vibanda vya gemu, haimo humu, kwa sababu wachezaji wote wanatazama kamera moja. Mtu wa pili akishika pedi, mashine haichori uwanja mara ya pili. Ikikwama watu wawili wakicheza, itakwama hata ukicheza na kompyuta yenyewe, na sababu itafutwe kwingine.

Pima kwanza, na pima mahali pabaya

Kwenye Windows bonyeza Windows+G ufungue Xbox Game Bar, kisha kidirisha cha Performance. Kitakuonyesha fremu kwa sekunde na mzigo wa CPU na GPU. Kibandike juu ya skrini ili kibaki wakati mnacheza. Halafu fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, chagua CPU, bonyeza kitufe cha kulia cha maiki juu ya grafu, chagua Change graph to, kisha Logical processors. Hatua hiyo ya mwisho huachwa na watu, na ndiyo inayofichua tatizo. Prosesa ya kore 4 yenye nyuzi 8, yaani njia nane za kupitishia kazi kwa wakati mmoja, inaweza kuonyesha jumla ya asilimia 30 tu, ukadhani imelala, kumbe uzi mmoja unaobeba kazi kuu ya gemu umefika ukomo na zile saba zinausubiri. Jumla inadanganya, kigrafu cha uzi mmoja mmoja hakidanganyi. Uzi wa gemu unaweza kuhamahama kati ya vigrafu, kwa hiyo tazama kama kuna kimoja au viwili vinavyokaa juu huku vingine vikiwa chini.

Usipime kwenye menyu wala gari zikiwa zimesimama. Pima pale ambapo magari yote yamekutana karibu na goli, kila mmoja anatoa moto wa kasi, na kamera zote mbili zinaangalia upande huo huo. Andika namba ya chini kabisa unayoiona, si ya wastani. Katika kazi hii namba ya chini ndiyo yenye maana, kwa kuwa macho hushika pale fremu zinapoanguka.

Sasa soma ulichokiona. GPU ikiwa asilimia 95 na zaidi wakati fremu zimeshuka, kadi ya picha ndiyo imeelemewa, na hapo kupunguza resolusheni kutasaidia kweli. GPU ikiwa 60 au 70 huku uzi mmoja wa prosesa umefika juu, prosesa ndiyo inayochelewesha. Vyote viwili vikiwa vimepumzika na fremu haziendi juu, kuna kitu kimezifunga kwa makusudi. Ukibaki na shaka, shusha resolusheni hadi 1280×720 kwa dakika mbili kama kipimo tu. Fremu zikipanda sana, ni kadi. Zikipanda kwa moja au mbili, ni prosesa, na urudishe resolusheni yako kwa sababu hukufaidika nayo.

Kwenye laptopu yenye kadi mbili za picha, angalia pia kama Task Manager inaonyesha GPU 0 iko juu na GPU 1 iko sifuri. Maana yake gemu inaendeshwa na kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa, na ile kubwa uliyoinunua imekaa bure. Nenda Settings, System, Display, Graphics, tafuta gemu, chagua High performance, kisha funga gemu na uifungue upya.

Dalili: fremu zimeganda kwenye 30 na hazipandi kabisa

Kugawana skrini karibu kila mara kunakuja na TV, kwa kuwa inchi 15 za laptopu hazitoshi watu wawili. Hapo ndipo kosa hili linapozaliwa. TV nyingi za sasa ni za 4K. Ukichomeka waya wa HDMI, Windows huchagua 3840×2160 yenyewe. Lakini laptopu yenye tundu la HDMI 1.4 haiwezi kutuma 4K kwa zaidi ya picha 30 kwa sekunde. Gemu inafungwa kwenye 30 na TV, na hakuna mpangilio wa vivuli utakaoifungua.

Dalili ya karibu ni mshale wa maiki. Uzungushe juu ya skrini ya Windows kabla hata ya kufungua gemu. Ukiuona mzito, kama unavutwa na uzi, tayari uko kwenye 30 Hz. Nenda Settings, System, Display, Advanced display, chagua TV kwenye orodha ya juu, na usome Refresh rate. Ikiwa 30, rudi Display uweke 1920×1080, kisha Advanced display uchague 60 Hz. Kwa mtu aliyekaa mita mbili na nusu kutoka TV, tofauti ya ukali wa picha ni ndogo. Tofauti ya mwendo ni kubwa sana.

Sababu nyingine ya namba iliyoganda ni betri. Laptopu nyingi hupunguza nguvu mara waya wa chaji ukitoka, na baadhi ya draiva za kadi ya picha zina kipengele cha kufunga fremu ukiwa kwenye betri. Chaji yenye wati chache kuliko ile iliyokuja na laptopu huleta tabia inayofanana: ikoni inaonyesha inachaji, lakini asilimia ya betri inashuka mnapocheza. Ukiona inashuka, ujue mashine haipati umeme wa kutosha, na hakuna cha kurekebisha ndani ya gemu.

Dalili: fremu zinapanda na kushuka kati ya 45 na 60

Hii ndiyo inayoonekana zaidi, na inahitaji kueleweka kabla ya kurekebishwa. TV ya 60 Hz inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7. Gemu ikimaliza fremu ndani ya muda huo, inapanda basi lake. Ikichukua milisekunde 18, imechelewa kwa chini ya milisekunde mbili, lakini V-Sync, mpangilio unaozifanya fremu zifuate mzunguko wa TV, ikiwa imewashwa, basi limeshaondoka, na fremu itasubiri lijalo, yaani hadi milisekunde 33.3. Ndiyo maana kuchelewa kidogo kunaonekana kama kishindo. Kihesabu kinasema 52, wewe unaona picha nyingine imekaa mara moja na nyingine mara mbili, bila mpangilio. Jicho halichukii 30 zilizo sawa kama linavyochukia mchanganyiko huo.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza kile kinachohesabiwa kwa kila kamera. Ya pili ni kuchagua mwendo ambao mashine inaushika hata pale pabaya, na kuufunga hapo.

Kwenye kazi ya kwanza, tenganisha mipangilio inayogusa pikseli na ile inayogusa maandalizi. Anti-Aliasing, Ambient Occlusion, Bloom, Depth of Field na Motion Blur vinafanya kazi juu ya picha iliyokwisha kuchorwa, na gharama yake inafuata idadi ya pikseli. Kwa kuwa pikseli hazijaongezeka, hivi havijawa ghali zaidi kwa sababu ya mchezaji wa pili. Vizime kama GPU iko 95. Kama iko 68, kuvizima hakutakupa kitu.

Vinavyoumiza kamera mbili ni vivuli, wingi wa vitu na umbali wa kuona. Vivuli ndivyo vya kwanza. Ili kuchora kivuli, gemu inaupitia uwanja tena kwa mtazamo wa taa, kabla ya kuchora picha yenyewe. Katika gemu nyingi kivuli bora hufuata kamera, kwa hiyo kamera mbili zinaweza kumaanisha kupitia uwanja mara nne badala ya mbili. Katika Rocket League jina lake ni Dynamic Shadows, kwenye ukurasa wa Video. Lizime. Usiogope kupoteza mpira angani: duara la uwanjani linaloonyesha mpira uko juu ya sehemu gani halitegemei vivuli hivyo. Kisha World Detail ishushe hadi Performance, ambayo inapunguza mapambo ya pembeni mwa uwanja, na Particle Detail iishushe pia kwa sababu ya moshi na moto magari yanapokusanyika.

Katika gemu ya dunia iliyo wazi, kama Minecraft ya kwenye kifaa cha gemu, mpangilio wa kwanza kugusa ni Render Distance. Gharama yake haipandi kwa mstari. Ukiongeza umbali mara mbili, eneo linalochorwa linakaribia mara nne, na hapo uzidishe kwa idadi ya wachezaji waliosimama sehemu mbalimbali. Kushuka kwa hatua chache tu kunarudisha pumzi nyingi.

Mkao wa mgawanyo nao una uzito wake. Ukigawa juu na chini, kila mmoja ana kipande cha 1920×540, kirefu kwa upana. Gemu nyingi hutumia upana huo kuonyesha zaidi kushoto na kulia, kwa hiyo vitu vingi zaidi vinaingia kwenye kila kamera. Ukigawa kushoto na kulia, kila mmoja ana 960×1080, na vitu vya pembeni vinakatwa. Gemu ikikupa uchaguzi, jaribu yote mawili mahali pale pale na uangalie namba ya chini. Usikisie, kwa sababu kila gemu inapanga upana wa kuona kwa namna yake.

Sasa kazi ya pili, na hapa tuifuate mashine moja hadi mwisho. Namba ni za mfano, ila mwenendo wake ndio utakaoukuta. Ni laptopu yenye prosesa ya kore 4 na kadi ya GTX 1650, TV ya 1080p, wachezaji wawili dhidi ya kompyuta wawili. Mtu mmoja akicheza, fremu haziendi chini ya 100. Wakiwa wawili, zinacheza kati ya 47 na 61, GPU ikiwa 68. Resolusheni inashushwa hadi 1280×720 kama kipimo: namba ya chini inatoka 47 hadi 49. Basi ni prosesa, na resolusheni inarudishwa. Dynamic Shadows inazimwa, namba ya chini inakuwa 52. World Detail na Particle Detail zinashushwa, inakuwa 55. Hapo mipangilio yenye faida imekwisha. Tumeikosa 60 kwa fremu tano, na V-Sync bado itaonyesha vishindo kila magari yakikutana.

Watu wengi hapa hufunga kwenye 30, kwa kuwa 60 Hz inagawanyika sawasawa kwa 60, kisha 30, kisha 20 na namba za chini zaidi. Fremu 30 zinatulia kweli, ila katika gemu ya mpira wa kasi mkono unazisikia. Kuna njia ya katikati ambayo kwetu iko wazi zaidi kuliko kwingine. Matangazo ya televisheni ya Afrika Mashariki yametokana na mfumo wa 50 Hz, na TV zinazouzwa huku kwa kawaida zinapokea 1920×1080 kwa 50 Hz bila kulalamika. Rudi Settings, System, Display, Advanced display, na kwenye Refresh rate chagua 50 Hz. Sasa kila fremu ina milisekunde 20 badala ya 16.7. Mashine ambayo namba yake ya chini ni 55 inahitaji takriban milisekunde 18.2 pale pabaya, kwa hiyo inafika kila mara, na inabaki na nafasi kidogo. Washa V-Sync, cheza bila mpaka kwa Borderless ili gemu ifuate mwendo wa Windows, na TV yenyewe itaifunga kwenye 50. Picha moja kwa kila mzunguko, hakuna inayokaa mara mbili. Waliokaa kwenye kochi hawatajua kuwa wamepunguziwa fremu. Watakachokiona ni kuwa vishindo vimekwisha.

TV ya 120 Hz yenye HDMI inayofaa inakupa ngazi nyingine, ya 40, kwa kuwa 120 inagawanyika kwa 3 na kila fremu inakaa milisekunde 25. Na kama TV na kadi zote zina VRR, TV inasubiri fremu badala ya fremu kusubiri TV, na tatizo hili linapungua sana.

Ukitaka kufunga fremu bila V-Sync, kwa wenye kadi za NVIDIA fungua NVIDIA Control Panel, Manage 3D settings, Program Settings, chagua gemu, na uweke Max Frame Rate. Funga kwenye namba iliyo sawa na Hz ya TV au inayoigawa sawasawa. Kufunga kwenye 55 juu ya TV ya 60 Hz kunarudisha kurukaruka kule kule ulikokimbia.

Dalili: robo saa ya kwanza safi, kisha zinaporomoka

Mipangilio haibadiliki yenyewe katikati ya mechi. Kinachobadilika ni joto. Prosesa ikifika ukomo wake wa joto inajipunguzia mwendo, na kwa kuwa kugawana skrini kunaibebesha prosesa zaidi kuliko kucheza peke yako, laptopu isiyowahi kukusumbua inaweza kuanza kukusumbua leo. Ithibitishe kwa Task Manager: kwenye CPU soma Speed mwanzoni mwa mechi na uisome tena baada ya dakika 20. Ikiwa ilikuwa juu ya Base speed na sasa iko chini yake, umepata jibu.

Laptopu iliyo nyuma ya TV, juu ya kitambaa cha meza, matundu ya chini yameziba, katika chumba cha Tanga au Mombasa mwezi wa pili, haina pa kutolea joto. Iinue kwa nyuma kwa sentimita tatu au nne, vitabu viwili vinatosha, na uiweke upande ambao feni ya chumba inafika. Vumbi ndani ya feni lisafishwe na fundi kama halijaguswa kwa mwaka.

Hilo lisipotosha, kuna hatua inayoonekana kama kurudi nyuma lakini inasaidia. Prosesa hupanda kwa muda mfupi juu ya mwendo wake wa kawaida, hupata moto, kisha huanguka, na mpando na anguko hilo ndilo unaloliona kwenye fremu. Kwenye prosesa nyingi za laptopu, ukiweka ukomo wa asilimia 99 unazuia mpando huo. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator uandike:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Namba ya mwanzo wa mechi itashuka. Namba ya dakika ya 40 ndiyo ya kutazama, na ikiwa sasa iko juu kuliko ile iliyokuwa ikiporomoka, acha hivyo. Ikiwa zote mbili zimekuwa chini, prosesa yako ina mwendo wa kawaida mdogo mno kwa njia hii. Rudisha kwa kuandika amri zile zile na 100 mahali pa 99.

Kufunga fremu nako ni dawa ya joto. Mashine iliyoachwa huru kwenye menyu inachora mamia ya fremu ambazo hakuna anayezihitaji, na inaingia kwenye mechi ikiwa tayari ina moto.

Dalili: kihesabu kinasema 60, lakini mikono inachelewa

Hapa fremu hazina kosa, na kupunguza ubora wa picha ni kujinyima bure. Kuna wahusika wawili. Wa kwanza ni TV. Kwa kawaida inaichakata kila picha, inalainisha mwendo na kuongeza rangi, na uchakataji huo unachukua muda kabla picha haijafika machoni. Washa Game Mode kwenye tundu lile lile la HDMI ulilochomeka, kwa kuwa TV nyingi huhifadhi mpangilio kwa kila tundu peke yake. Ukihamisha waya kwenda tundu la pili, umeupoteza. Jinsi ya kutambua: ucheleweshaji wa TV unawapata wachezaji wote wawili kwa kiasi kile kile, wakati wote.

Mhusika wa pili ni Bluetooth, na yeye anajulikana kwa kuchagua mtu. Mchezaji mmoja analalamika, wa pili yuko sawa, au gari inaendelea kukata kona sekunde nzima baada ya kidole kuachia. Bluetooth na Wi-Fi ya 2.4 GHz zinatumia masafa yale yale, na kwenye laptopu mara nyingi zinatoka kwenye kikadi kimoja chenye antena zile zile. Simu ikianza kupakua video kwenye Wi-Fi hiyo, pedi zinapiganiwa nafasi. Badilishaneni pedi bila kubadilishana viti. Tatizo likihamia kwa mwingine pamoja na pedi, ni pedi au betri yake. Likibaki kwa aliyekaa mbali, ni masafa. Waya wa USB unamaliza mjadala. Kama waya haufiki, hamishia laptopu kwenye Wi-Fi ya 5 GHz, au zima Wi-Fi kabisa, kwa kuwa mechi ya nyumbani haihitaji mtandao.

Dalili: inaganda nusu sekunde, inaendelea, inaganda tena

Kuganda kwa ghafla kwenye mwendo mzuri ni tabia ya kumbukumbu. Kwenye Task Manager tazama Memory, na chini ya GPU tazama Dedicated GPU memory. Ikiwa kumbukumbu ya kadi imejaa, shusha Texture Detail ngazi moja. Huu ni mpangilio unaokula kumbukumbu ya kadi moja kwa moja, na ukiwa na nafasi ya kutosha kuushusha hakuongezi fremu. Ikiwa ni RAM, funga kivinjari kwanza. Zima pia Record what happened kwenye Settings, Gaming, Captures, kwa maana inarekodi mchezo wako muda wote hata kama hujawahi kutazama ulichorekodi.

Laptopu zisizo na kadi ya picha ya pekee zina jambo lao. Kadi iliyo ndani ya prosesa inatumia RAM ya kawaida, na RAM ya kipande kimoja inapitisha nusu ya kile ambacho vipande viwili vinapitisha. Fungua PowerShell uone una vipande vingapi:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, Speed
```

Ukiona mstari mmoja tu na laptopu ina tundu la pili, kuongeza kipande chenye ujazo na kasi ile ile ni fedha iliyokwenda mahali pake. Kwa mashine za aina hii hakuna mpangilio wa ndani ya gemu unaoshinda hilo.

Katika gemu za dunia kubwa, angalia kama kuganda kunatokea mnapotengana. Mkiwa pamoja, mashine inashika eneo moja. Mmoja akienda mjini na mwingine msituni, inashika mawili. Kwa uzito huo Baldur's Gate 3 iliingia Xbox Series S Desemba 2023 bila uwezo wa kugawa skrini, wakati Series X ilikuwa nao. Mkitembea pamoja, kuganda kutapungua hata kwenye kompyuta.

Kwenye vifaa vya gemu

Huku mipangilio ni michache. Gemu ikiwa na Performance na Quality, chagua Performance mnapogawana hata kama peke yako unapenda Quality. Pale ambapo hakuna uchaguzi, waundaji wameshakuchagulia. Mario Kart 8 Deluxe kwenye Switch inakwenda fremu 60 kwa mchezaji mmoja au wawili, na akiingia wa tatu inashuka 30 kwa wote, na hivyo ndivyo ilivyopangwa, si ugonjwa wa kifaa chako. Mkiwa wanne na mnaitaka 60, chezeni wawili wawili kwa zamu.